Mfalme na askari mmoja: namna ya kuchagua hatua ya mfalme kwa makabiliano

Kila Jumamosi jioni, meza zinapoanza kukunjwa, kuna mtu atanifuata na simu mkononi. "Kocha, nilibaki na mfalme na askari, mwenzangu mfalme mtupu. Imekuwaje sare?" Ninaangalia mchezo wake, ninakuta askari alisukumwa mapema huku mfalme akibaki nyuma kama mtu aliyeachwa na basi. Hatujamaliza, anakuja mwingine na kilio cha upande wa pili: yeye ndiye aliyekuwa na mfalme mtupu, sare ilikuwa mkononi, akarudi mraba usio wake, akapigwa. Maswali ni hayohayo mawili tangu nianze kufundisha sataranji, kwa hiyo leo nimeamua kuyaandika mara moja.

Hapa tunashughulika na mwisho mmoja tu wa mchezo: mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme peke yake. Askari wengi, farasi na ngome waache kwanza. Usipoujua huu, miisho mingine mingi utaichezea gizani, maana mara nyingi huishia hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ubao na kete tatu: wafalme wawili na askari mmoja. Kama huna kete, vizibo vitatu vya soda vyenye rangi tofauti vinatosha.
- Kujua majina ya miraba bila kuhesabu kwa kidole. Herufi a hadi h ni safu za wima, namba 1 hadi 8 ni mistari ya mlalo.
- Simu yenye intaneti, kwa ajili ya kuhakiki. Fungua `lichess.org/analysis`, kisha bandika nafasi ninazokupa kwenye kisanduku kilichoandikwa FEN. Kete zikiwa tatu, jibu la hapo si makadirio. Kila nafasi imekwisha kuhesabiwa hadi mwisho.
- Kama dakika 40 za utulivu. Zichezeshe kete kwa mkono, usisome tu.

Hatua za mfalme nitaziandika kama zinavyoonekana kwenye skrini: `Ke4` ni mfalme kwenda e4, `e4` peke yake ni askari kwenda e4, na alama `+` ni cheki. Mwenye askari nitamwita Mweupe, anayejilinda Mweusi.

Nadharia yote iko hapa

Wafalme hawaruhusiwi kugusana. Wakitazamana kwenye safu moja, mraba mmoja ukiwa katikati yao, hakuna anayeweza kusonga mbele. Hayo ndiyo makabiliano. Vilabuni utasikia wengine wakisema oposisheni. Sasa mmoja wao lazima acheze, kwa sababu katika mchezo huu hakuna kupitisha zamu. Yule mwenye zamu ndiye anayelazimika kupisha, na yule asiye na zamu ndiye tunayesema *ameshika makabiliano*.

Isome sentensi hiyo mara mbili. Anayeanza hudhani zamu daima ni mali. Hapa zamu ni mzigo. Kama umewahi kukaa kijiweni kwenye drafti unalijua jambo hili: mnabaki na kete chache, mwenzako anatabasamu na kukuambia "cheza", nawe unaona kila utakachogusa kinaliwa.

## Hatua ya 1: Kabla ya kitu chochote, uliza zamu ni ya nani

Panga nafasi hii: Mweupe mfalme e5, askari e4, Mweusi mfalme e7.

```
8/4k3/8/4K3/4P3/8/8/8 w - - 0 1
```

Kwanza mpe Mweupe zamu. Anataka kupita, lakini Mweusi amemkalia mlangoni. Akienda `Kd5`, Mweusi anajibu `Kd7`, wametazamana tena. Anasukuma `e5`, Mweusi `Ke7`. Anasukuma `e6`, Mweusi anarudi `Ke8`. Mweupe `Kd6`, Mweusi `Kd8`. Mweupe `e7+`, Mweusi `Ke8`. Sasa Mweupe ana mambo mawili ya kuchagua: amwache askari aliwe, au amlinde kwa `Ke6`, na hapo Mweusi hana pa kwenda wala hajapewa cheki. Mfalme amekwama, na kukwama ni sare.

Sasa rudisha kete zilipokuwa, ila zamu iwe ya Mweusi (kwenye FEN badilisha `w` iwe `b`). Lazima apishe. Akienda `Kd7`, Mweupe anapita upande wa pili, `Kf6`. Mweusi `Ke8`, Mweupe `Ke6`, ameshika makabiliano tena. Mweusi `Kd8`, Mweupe `Kf7`, na njia ya askari imelindwa yote: `Kd7`, `e5`, `Kd8`, `e6`, na Mweusi hana la kuzuia.

Kete ni zilezile, miraba ni ileile. Kilichobadilika ni zamu tu, na matokeo yamehama kutoka sare kwenda ushindi. Kwa hiyo unapofika kwenye mwisho wa aina hii, usianze kwa "nisogeze nini?" Anza kwa "tukitazamana, nani atalazimika kucheza?"

Angalia pia namna Mweupe alivyopita: Mweusi alikwenda d7, yeye akapita f6. Mwenzako akipisha kushoto, wewe pita kulia. Wanafunzi wengi humfuata mwenzao upande aliokwenda, wakatazamana naye upya, wakabaki wanazungukana kama majogoo.

## Hatua ya 2: Weka alama kwenye miraba ya ushindi

Makabiliano ni chombo tu. Unayatafuta ili mfalme wako afike mahali fulani, na mahali penyewe panajulikana mapema.

Askari akiwa mstari wa 2, 3 au 4, hesabu mistari miwili mbele yake. Mraba ulio kwenye safu yake, pamoja na majirani zake wa kulia na kushoto, ndiyo miraba mitatu ya ushindi. Askari akiwa e3, miraba ni d5, e5 na f5. Akiwa e4, ni d6, e6 na f6. Mfalme wako akikanyaga mmojawapo bila kumpoteza askari, umeshinda, zamu iwe yako au yake. Akishavuka hadi mstari wa 5, miraba huongezeka: askari wa e5 ana d6, e6, f6, na pia d7, e7, f7.

Weka sarafu tatu juu ya miraba hiyo unapofanya mazoezi. Siku chache tu, baadaye utaiona bila sarafu.

Sheria hii haiwahusu askari wa pembeni, wa safu ya a na ya h. Hao nitawafikia chini.

## Hatua ya 3: Chagua hatua ya mfalme unaposhambulia

Hii ndiyo nafasi ninayowapa wote wanaoniletea simu:

```
8/8/4k3/8/8/4PK2/8/8 w - - 0 1
```

Mweupe mfalme f3, askari e3. Mweusi mfalme e6. Zamu ya Mweupe. Kabla hujaendelea kusoma, chagua hatua na uiandike.

Watu wengi huandika `e4`. Sababu yao ni nzuri kwa kuisikia: askari anakwenda kuwa malkia, basi aende. Mweusi anajibu `Ke5`, anakaa mbele ya askari, na mfalme wako hataipata tena d6, e6 wala f6. Sare.

Wengine huandika `Kf4`, wakisema wamesogea mbele. Mweusi anajibu `Kf6`. Angalia: mnatazamana kwenye safu ya f, mraba mmoja katikati, na zamu ni yako. Umejifunga mwenyewe. Ukienda `Ke4`, anakwenda `Ke6`; ukienda `Kd4`, yuko `Kd6`. Kila mlango unaoufungua, yeye amekwishasimama. Sare.

Hatua moja tu inashinda: `Ke4`. Mfalme anasimama mbele ya askari wake, uso kwa uso na mfalme wa e6, na zamu ni ya Mweusi. Tuendelee hadi mwisho, maana kujua hatua ya kwanza bila kujua inakokwenda hakusaidii kitu saa inapokimbia.

Mweusi lazima apishe. Tuseme `Kf6`. Amekwenda upande wa f, kwa hiyo unapita upande wa d: `Kd5`. Tayari uko kwenye mraba wa ushindi. Anarudi kuzuia, `Ke7`. Unachukua makabiliano tena: `Ke5`. Anapisha `Kf7`, unapita `Kd6`. Anarudi `Ke8`, unamkabili `Ke6`. Anapisha `Kf8`.

Hadi hapa askari hajagusa kitu, bado yuko e3. Mfalme amekwishafungua njia, sasa askari anafuata: `e4`, Mweusi `Ke8`, `e5`. Mnatazamana e6 na e8, na zamu ni yake. Anakwenda `Kd8`, unapita `Kf7`. Anajaribu `Kd7`, unasukuma `e6+`. `Kd6`, `e7`. `Kd7`, `e8=Q+`. Malkia amezaliwa, na mfalme wa f7 anamlinda.

Na kama kwenye hatua ya kwanza Mweusi, badala ya kupisha pembeni, anarudi nyuma moja kwa moja `Ke7`? Mfuate: `Ke5`. Mmetazamana tena na zamu ni yake. Akirudi `Kd8`, nenda `Kd6`. Akirudi `Kf8`, nenda `Kf6`. Akirudi nyuma, unampandia. Akikaa pembeni, unampita upande wa pili. Hakuna jingine la kukumbuka kwenye kushambulia.

## Hatua ya 4: Tunza hatua ya askari kama akiba

Mfalme e5, askari e4, mpinzani e7, zamu yako: tuliona hatua ya 1 kwamba ni sare. Sasa mrudishe askari mraba mmoja nyuma, e3, kila kitu kingine kibaki vilevile. Zamu bado ni yako, na bado mnatazamana, lakini unasukuma `e4`. Mfalme wako hajapisha, askari amekula zamu kwa niaba yake, na sasa Mweusi ndiye anayelazimika kucheza. Ushindi.

Hiyo ndiyo sababu ya kutomkimbiza askari. Kila mraba anaobaki nyuma ya mfalme ni zamu moja uliyoweka mfukoni. Aliyemsukuma mapema ametumia akiba kabla ya shida kufika.

Onyo la mashindanoni: sheria ya kugusa inatumika. Ukimgusa askari, utamsogeza askari kama ana hatua halali. Nimewaona vijana wakigundua hatua sahihi ya mfalme huku vidole tayari viko kichwani mwa askari. Weka mikono chini ya meza mpaka uamue.

## Hatua ya 5: Sasa badili kiti, wewe ndiye mwenye mfalme mtupu

Mlinzi ana kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kosa lake moja halirekebishiki. Panga hii, zamu ya Mweusi:

```
8/4k3/4P3/3K4/8/8/8/8 b - - 0 1
```

Mweupe mfalme d5, askari e6. Wewe mfalme e7. Lazima urudi nyuma. Una d8, e8 na f8; hata f6 inaruhusiwa, lakini Mweupe anakuja `Kd6` na askari anapita.

Hatua ni `Ke8`, nyuma moja kwa moja kwenye safu ya askari. Kwa nini? Kwa sababu ukiwa e8 unaweza kumjibu popote atakapotokea. Akija `Kd6`, unamkabili `Kd8`. Akija `Kf6` baadaye, unamkabili `Kf8`. Ukienda `Kd8` mapema, anakuja `Kd6` na yeye ndiye ameshika makabiliano: `Ke8`, `e7`, `Kf7`, `Kd7`, na askari anapita. Ukienda `Kf8` unaishia palepale: `Kd6`, `Ke8`, `e7`, kwisha.

Asipokuja mbele, akirudi kwa mfano `Ke5`, usitangetange. Rudi `Ke7`, umkalie askari wake mbele. Akisogea tena pembeni, wewe tena `Ke8`. Sogea kati ya miraba hiyo miwili mpaka achoke.

Kuna alama moja ya kukagua kama umefaulu, na inafaa pande zote mbili: mfalme mweupe akiwa mstari wa 6 kando ya askari wake, angalia askari anavyoingia mstari wa 7. Akiingia kwa cheki, ni sare. Akiingia kimya, bila cheki, anashinda. Kwenye mstari uliotangulia wa `Kd8`, askari aliingia e7 mfalme akiwa e8, hakukuwa na cheki, Mweusi akalazimika kupisha.

## Hatua ya 6: Shika makabiliano ukiwa mbali

Hapa ndipo sare nyingi hupotea, na mimi mwenyewe niliwahi kuipoteza kwenye mashindano ya shule nikiwa na saa ya kutosha na kiburi cha kutosha. Nafasi ilifanana sana na hii:

```
4k3/8/8/8/3KP3/8/8/8 b - - 0 1
```

Mweupe mfalme d4, askari e4. Mweusi mfalme e8, zamu yake. Mweusi ana hatua tano: d7, e7, f7, d8, f8. Nne zinapoteza. Moja inaokoa.

Niliwaza kama kila mtu: askari anakuja, nitoke nimpokee. Nikacheza `Ke7`. Mweupe akaja `Ke5`, tukatazamana, zamu yangu. Hiyo ni nafasi ya hatua ya 1, upande mbaya. Ningecheza `Kd7` ingekuwa `Kd5`, habari ileile. `Kf7` na `Kf8` nazo hazifai, kwa sababu Mweupe anakwenda `Kd5`, na kisha nikisimama e7 ananikabili kwa `Ke5`, nikisimama kwingine anakanyaga mraba wa ushindi, d6 au e6.

Hatua ya kuokoa ni `Kd8`. Inaonekana ya ajabu: unakwenda kona ya mbali na askari, wala husogei mbele. Lakini hesabu miraba kati ya wafalme kwenye safu ya d: d5, d6, d7. Ni mitatu. Makabiliano ya mbali ni hayo: safu moja, na idadi ya miraba katikati ni witiri, yaani 1, 3 au 5, huku zamu ikiwa ya mwenzako. Akisogea mraba mmoja kukukaribia, nawe unasogea mmoja, na mnabaki na mraba mmoja katikati, zamu bado yake.

Ijaribu. Akija `Kd5`, unakwenda `Kd7`. Akija `Ke5`, unakwenda `Ke7`. Akisukuma `e5`, unakwenda `Ke7`, akija `Kd5` unamkabili `Kd7`, kisha unaumalizia kwa hatua ya 5. Akirudi nyuma `Kd3`, hata hapo `Kd7` inaweka miraba mitatu kati yenu.

Kwa hiyo namna ya kuchagua ukiwa mbali ni hii: tafuta safu aliyopo mfalme wa mwenzako, angalia kama unaweza kuingia kwenye safu hiyo huku miraba ya katikati ikiwa witiri. Kama mko safu moja tayari na miraba ni miwili, na zamu ni yako, songa mbele mmoja. Itabaki mmoja na zamu itakuwa yake. Usipime umbali kwa macho. Hesabu kwa kutaja miraba kwa jina.

## Mahali ambapo sheria hizi hukusaliti

Askari wa pembeni. Askari wa safu ya a au h haachi nafasi ya kupita upande wa pili, kwa sababu ubao umeisha. Mlinzi akifika kona iliyo mbele ya askari, h8 kwa askari wa h, ni sare hata kama mfalme wako amesimama vizuri namna gani. Ili kushinda, mfalme wako lazima aishike g7 au g8 kwanza (au b7, b8 kwa askari wa a). Kuna na mtego wa upande wa pili: mfalme wako akitangulia mbele ya askari huyo, mlinzi anaweza kumfungia pembeni. Mweupe h7 na askari h6, Mweusi f7: Mweupe akienda `Kh8`, Mweusi `Kf8`, askari `h7`, Mweusi `Kf7`, na safari hii aliyekwama ni mwenye askari. Kwa hiyo kabla hujabadilishana kete za mwisho, angalia askari atakayebaki ni wa safu gani.

Askari wa b na g. Hawa wanashinda kama kawaida, lakini wana kona inayomeza watu. Panga:

```
6k1/8/6K1/6P1/8/8/8/8 w - - 0 1
```

Mfalme yuko mstari wa 6 mbele ya askari, ushindi upo. Pita upande wa kona: `Kh6`. Mweusi `Kh8`, `g6`, `Kg8`, `g7` bila cheki, `Kf7`, `Kh7`, umeshinda. Ukipita upande wa kati, `Kf6`, Mweusi anajibu `Kh7`, na hapo ukisukuma `g6+` anarudi `Kh8` na ushindi umetoroka: `g7+` inampa cheki, na `Kf7` inamkwamisha papo hapo. Ukishagundua umekosea, bado hujachelewa kama askari hajasogea: `Kf7`, Mweusi `Kh8`, `Kg6`, Mweusi `Kg8`, umerudi mwanzo. Sasa nenda `Kh6`.

## Mambo yakienda kombo

"Nimeshika mraba wa mstari wa 6 mbele ya askari, lakini zamu ni yangu na tunatazamana." Usiogope. Mfalme e6, askari e5, Mweusi e8, zamu yako: cheza `Kd6`. Akijibu `Kd8`, sukuma `e6`. Akirudi `Ke8`, `e7` inaingia bila cheki, anatoka `Kf7`, unakwenda `Kd7`. Kutazamana huku zamu ikiwa yako hukupotezea ushindi ukiwa mstari wa 5 na chini, pale askari anapokuwa mgongoni mwako na huna akiba.

"Nilifanya ulivyosema lakini simu inasema sare." Karibu kila mara nikifuatilia ninakuta askari alisukumwa hatua moja kabla ya mfalme kufika mraba wa ushindi. Rudi nyuma hatua kwa hatua kwenye uchambuzi hadi uone neno la ushindi likibadilika kuwa sare. Hatua hiyo moja ndiyo ya kujifunza, siyo mchezo mzima.

"Askari ni wangu lakini ninacheza weusi." Geuza hesabu. Mstari wako wa 6 ni wa 3 kwenye ubao, na wa 7 ni wa 2. Ukichanganyikiwa, geuza ubao wenyewe ukae upande wako. Kwenye simu kuna kitufe cha kuugeuza.

"Mfalme wangu yuko mbali, sijui nianze makabiliano wapi." Kama mfalme wako yuko mbali na askari kuliko mlinzi, huenda hakuna makabiliano ya kutafuta: askari ataliwa au atakaliwa mbele. Angalia kwanza kama mlinzi anaweza kumfikia askari anayekimbia peke yake. Chora mraba mkubwa akilini kuanzia alipo askari hadi mstari wa mwisho, upana sawa na urefu. Zamu ikiwa yake na akaweza kuingia ndani, atamkamata. Asipoweza, sukuma askari bila kufikiri mara mbili.

"Muda wangu uliisha nikiwa na askari, mwenzangu mfalme mtupu. Nimepoteza?" Hapana. Kwa sheria za FIDE mchezo ni sare, kwa kuwa mfalme mtupu hawezi kukufunga kwa njia yoyote. Ila muda ukimwishia yule mwenye mfalme mtupu, amepoteza, hata kama kwenye ubao alikuwa na sare ya wazi, kwa sababu askari anaweza kugeuka malkia. Kwa hiyo mlinzi mwenye sekunde chache asikae akihesabu kati ya e7 na e8: arudi nyuma kwenye safu ya askari mara moja, agonge saa.